Anti, nimemharakisha mpaka amenyamaza

Assalam aleikum Anti. Mimi kijana wa miaka 26, nafanya kazi ofisi ya klaringi hapa mjini. Jumamosi ya wiki iliopita nilikuwa harusini Likoni, rafiki yangu alikuwa anaoa, nkajuana na binti mmoja, nimwite Z, binamuye bi harusi, anauza kwenye kemisti moja huko Bondeni. Namba alinipa mwenyewe. Jumapili na Jumatatu tulichati mpaka simu ikawa moto, anajibu marefu, anacheka, ananiuliza mambo yangu. Jumanne nkamwambia nshamwelezea mamangu habari zake. Jumatano saa tano usiku nkampigia vidio koli, hakushika, nkapiga tena. Alhamisi nkamtumia elfu moja M-Pesa ya lanchi, akasema asante lakini haikuwa na haja. Ijumaa nkachukua picha yake ya profaili nkaieka kwa stetasi yangu na alama ya moyo, halafu mchana nkamwandikia "mbona uko onlaini na hunijibu?" Akajibu "Hehe jamani pole pole 😅 niko bize kazini." Jumamosi nkamtumia voisi nne kumweleza kwa nini niko hivyo. Tangu hapo ni "poa" na "sawa" tu, na jana hakujibu kabisa. Nimeandika hii lakini sijaituma:

"Z samahani sana najua nimekukera, mimi ndo nilivyo nikipenda napenda na moyo wote, niliwahi kuumizwa vibaya ndo maana naogopa kukupoteza, tafadhali niambie kama umenikasirikia hata neno moja tu, siku mbili hizi sili wala silali, naomba unipe nafasi nyengine wallahi ntabadilika."

Niitume? Ama nimpigie? Ama nimwambie bi harusi aniombee?

Mwenye Haraka, Kisauni

*

Wa aleikum salaam mwanangu. Usiitume. Usimpigie pia, na bi harusi mwache ale fungate lake kwa raha, ana wiki moja tu kwenye ndoa ushaanza kumtafutia kazi ya ushenga.

Simu iweke chini kidogo tuongee, kwa sababu kuna meseji utakayomtumia lakini si hiyo na si leo.

Kwanza yale maneno yake ya Ijumaa hukuyasoma vizuri, uliona tu kwamba amejibu ukafurahi. Msichana ambaye hakutaki hakwambii pole pole, hukwambia ana mchumba ama hukwambia "tafadhali usinitumie tena" ama hunyamaza moja kwa moja ukabaki na tiki zako. Huyu amekwambia spidi anayoitaka, na amechekea ndani yake ili usione haya. Hapo mlango ulikuwa bado wazi kabisa. Kilichofanya uanze kupata "poa" na "sawa" si vidio koli wala M-Pesa peke yake, ni zile voisi nne za Jumamosi, maana ameomba upunguze na jibu lako likawa ni kuongeza. Yaani alikujaribu kwa neno dogo aone kama wasikia, na akaona husikii.

(Na angekwambia wazi kwamba hataki, barua hii ningeijibu kwa mstari mmoja: meseji ya kurekebisha haipo kwa mtu aliyesema la, unamuacha. Hayo tuyamalize hapo.)

Sasa nataka ufanye kitu ambacho vijana wengi hawafanyi, wao huona "nimezidisha" kama rundo moja wakaliombea msamaha lote kwa pamoja. Fungua hiyo chati uisome kutoka juu, polepole, usiandike kitu. Utakuta kuna mambo ya aina mbili mle ndani. Kuna yale ya spidi tu, na kuna yale uliyoyafanya kwa jina lake ama sura yake bila kumuuliza. Dawa zake ni tofauti na ukizichanganya ndo unaandika meseji kama hiyo yako.

Ya spidi ni haya: kuchati masaa mengi Jumapili, meseji nyingi, kumpenda haraka. Hapo hamna dhambi, Jumapili na Jumatatu mlikuwa wawili, yeye pia alikuwa akiandika marefu. Siku mbili za mwanzo watu hujibizana sana kwa sababu kila kitu ni kipya na kila mtu ana hadithi ambazo mwenzake hajazisikia, halafu Jumanne kazi ni kazi, majibu yanapungua, ni kawaida kabisa hata kwa watu ambao mwisho wanaoana. Wewe ukazichukua zile siku mbili ukazifanya ndo kipimo, kila aliposhuka chini ya hapo ukaona anakimbia. Ukimya wake ukakutia wasiwasi, wasiwasi ukakuandikisha, na yale uliyoandika ndo yakamnyamazisha zaidi. Angalia siku zako mwenyewe, Jumanne mama, Jumatano simu, Alhamisi pesa, Ijumaa picha, kila siku umepandisha dau na kila siku jibu lake lilikuwa fupi kuliko la jana. Ya spidi hayaombewi msamaha, yanapunguzwa tu, na anaona mwenyewe kwamba yamepungua.

Ile ya pili ndo yenye uzito. Picha. Kuchukua picha ya mtoto wa watu ukaieka stetasi na moyo, baada ya siku sita za kujuana, hapa Mombasa, mwanangu wajua maana yake? Rafiki yako bwana harusi anayo namba yako, ameiona. Mkewe ameiona kupitia yeye. Bi harusi ni binamuye Z, basi kabla ya alasiri hiyo habari ishafika kwa mashangazi, na Z akiingia nyumbani jioni anaulizwa "yule ni nani aliyekueka?" na hana jibu kwa sababu hata yeye mwenyewe hajajua wewe ni nani kwake. Umemtangaza kabla hajakubali. Labda hajakwambia neno kuhusu hilo, lakini naweka kichwa changu kwamba ndo lililomkaa rohoni, pengine ndo maana akaandika pole pole Ijumaa na si Alhamisi.

Na mama. Kwa watu wengine kumwambia mama ni kupiga soga, kwetu pwani mama akiambiwa "kuna msichana" swali la pili ni "wa kwa nani?" na la tatu anashika simu kuulizia. Siku ya nne ya kujuana Z anasikia mamako ashajua, kwake hiyo ni harufu ya posa. Si kwamba posa ni mbaya, ni kwamba mlikuwa bado mwaulizana mwapenda chakula gani.

Vidio koli ya saa tano usiku iko katikati. Msichana anaishi kwao, pengine analala chumba kimoja na dadake, simu inalia usiku inaonyesha jina la mwanamume, inakatika, inalia tena. Ile ya kwanza ungeweza kusema umekosea saa, ya pili ndo iliyomfanya aanze kujieleza kwa watu. Na ile "mbona uko onlaini na hunijibu" ulimwandikia mtu wa kemisti saa za kazi. Kemisti nyingi siku hizi wateja hutuma picha ya karatasi ya daktari kwa wasap kuuliza kama dawa ipo na ni pesa ngapi, kwa hivyo yuko onlaini kutwa nzima na hana hata dakika yake. Onlaini si nafasi.

Elfu moja nayo iache ilivyo. Usiitaje kwenye msamaha, usimuulize kama aliitumia, na usije ukajaribu kuirudisha kwa kutuma ile meseji ya M-Pesa kwa 456, hiyo ni ya mtu aliyekosea namba, wewe hukukosea namba, na nduguyo akisikia umemnyang'anya mtu pesa ya lanchi hutaoa Mombasa hii. Akikurudishia yeye mwenyewe, ipokee, mwandikie "nimeipata, asante", na usimrudishie tena mkaanza kurushiana. Pesa usiyoombwa humfanya mtu ajione ana deni la kujibu, na mtu mwenye deni hukwepa.

Kabla ya meseji yoyote kuna kazi mbili za leo. Ya kwanza ni mamako, maana ukiomba radhi kwa Z huku mama anaulizia Bondeni utakuwa umeomba radhi ya uongo. Mwambie hivi, kwa adabu: "Mama, yule msichana niliyekutajia, nilisema mapema, bado hatujajuana. Nakuomba usimuulizie kwa mtu yeyote mpaka nikwambie mwenyewe." Akikwambia tayari amemuuliza fulani, basi mwombe aishie hapo, na ulijue hilo kabla hujamwandikia Z, asije akakuuliza ukabaki kuduwaa.

Ya pili ni kwenye simu yako. Ingia wasap, Settings, halafu Privacy, halafu "Last seen and online", ujifiche. Si mbinu ya kumfanya akutafute, wala hatojua kama umejificha kwa ajili yake. Ni kwamba wasap ukijificha na wewe huoni za wengine, na wewe ndiye ninayetaka usione. Nusu ya makosa ya Ijumaa yalitokana na kuitazama ile onlaini yake.

Na yale uliyotuma usiyafute. Najua mkono unawasha. Ukifuta kwa wote inabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, mistari kadhaa kwa mpangilio, na yeye zile voisi ashazisikia ama anaweza kudhani uliandika kitu kibaya zaidi. Isitoshe baada ya siku mbili na kitu wasap haikupi tena kufuta kwa wote, unafuta kwako tu, basi hata huwezi kuzimaliza, utaziacha nusu nusu kama mtu aliyekimbia. Ziache zikae.

Sasa hiyo yako uliyoandika. Nitaipitia kwa sababu wako wengi wenye moja kama hiyo kwenye simu zao. "Mimi ndo nilivyo nikipenda napenda na moyo wote", hapo unamwambia kwamba haitobadilika, halafu mwisho unaapa utabadilika, aamini ipi? "Niliwahi kuumizwa", sasa unampa kidonda cha mtu mwengine akiuguze yeye, na ana siku tisa kukujua. "Naogopa kukupoteza", huwezi kupoteza kitu ambacho hujakuwa nacho, na yeye akisoma hilo anajiuliza tangu lini amekuwa wako. "Niambie kama umenikasirikia hata neno moja tu", hii ndo mbaya kuliko zote ingawa ndo fupi, maana umekosea wewe na unataka akutulize yeye. "Sili wala silali", sasa akikukataa atakuwa amekuua. Kila mstari una kazi ya kumpa yeye, na ukihesabu, hamna hata mmoja unaotaja picha. Ameombwa radhi kwa kila kitu isipokuwa kile kilichomfikia nyumbani kwao. Pia ni ndefu mno, mchuzi ukizidi chumvi hauokolewi kwa chumvi.

Meseji inayofanya kazi ina vitu vitatu tu. Inataja kosa lenyewe kwa jina, mara moja. Inasema kitu ambacho ushakifanya, si utakachofanya. Halafu inamuacha bila swali. Kwa kesi yako mimi ningeandika hivi:

"Hi Z. Nilieka picha yako stetasi bila kukuuliza na nkamwambia mama mapema, yote mawili hayakuwa sawa, niwie radhi. Mama nshaongea naye, hatomuuliza mtu. Uliposema pole pole ulikuwa sahihi. Hii si lazima uijibu, siku ukiwa na nafasi tutapiga story kawaida tu."

Basi. Badilisha maneno yawe ya kwako, kama hamsemi "hi" mkisemezana "mambo" andika mambo, lakini usiongeze mstari. Ile "mama nshaongea naye" ndo moyo wa meseji nzima, kwa sababu ahadi amezisikia kwenye voisi nne, sasa anaona kitendo. Na uitume tu kama kweli umeongea na mama. "Ulikuwa sahihi" inamrudishia lile neno lake la Ijumaa, anajua limesikika, na hujasema "lakini" popote. Hapo kwenye "si lazima uijibu" watu wengi huandika wakawa hawamaanishi, wanaandika halafu wanakaa kuchungulia tiki. Kama hutaweza kuvumilia asijibu, subiri siku moja zaidi kabla ya kutuma.

Andika, usitume voisi. Voisi inabidi aishike simu sikioni ama atafute spika za masikio, na kwenye kaunta ya kemisti kuna mwenzake amesimama kando yake. Maandishi anayasoma kwa jicho moja na anajua yameisha wapi. Usieke moyo, usieke uso unaolia, wala zile picha za waridi zenye maneno ya asubuhi njema, hizo waachie mashangazi wa grupu. Kuhusu saa, si asubuhi anapofungua duka, si usiku mkubwa. Ametoka kazini, ameshakula, jioni ya saa mbili hivi kabla ya kulala. Leo Jumatatu naona ni mapema, voisi zako bado zina joto. Mpe Jumanne yote ya kimya, utume Jumatano jioni. Ukituma funga wasap utoke nje, nenda kakae barazani na wenzako, usikae na simu mkononi.

Kitakachofuata kinaweza kuwa kimoja kati ya matatu.

Anaweza kujibu vizuri, na hapa ndo wengi wanaangukia, kwa furaha. Tuseme kesho yake mchana anaandika "Hehe sawa, hakuna shida. Picha kweli ilinitia mashakani na binamu zangu 😂". Wewe moyo unaruka, unataka kumwandikia kurasa. Jibu liwe la urefu wa lake: "Pole kwa hilo, akikuuliza mtu mwambie nilijitia kimbelembele." Tosha. Mkishacheka nawe ukajicheka mwenyewe kosa limezikwa, usilifukue. Usimuulize "kwa hivyo tuko sawa?" wala "hujakasirika kweli?", amesema hakuna shida, mwamini. Halafu mwache hiyo chati ilale. Kesho asubuhi usimwamkie. Kama yeye akianza, jibu, na kama hajaanza siku mbili tatu, anza wewe kwa kitu kidogo ambacho yeye mwenyewe aliwahi kukitaja. Rudi kwenye Jumapili na Jumatatu usome, kwa masaa yale yote lazima alikwambia kitu, kwamba kuna siku za kuhesabu stoki anachoka, kwamba anatafuta mahali pa mbaazi nzuri. Mwandikie "Ile siku ya stoki ishapita ama bado yaja?" Swali moja, kuhusu yeye, linalojibika kwa mstari mmoja akiwa amesimama.

Kipimo cha kukuonyesha kama umerudi kwenye mstari ni rahisi, nyanyua chati juu uangalie upande wako na upande wake. Kama wako umejaa skrini nzima na wake ni vijipande, bado wakimbia. Na uangalie pia ni nani anauliza maswali. Siku akianza tena kukuuliza mambo yako bila wewe kumchokoza, hapo ndo pa kumwambia mwonane, na si kabla. Mahali pa wazi, mchana, muda mfupi. Laithausi jioni ya saa kumi na moja, mwanunua muhogo wa kukaanga na madafu, mwatazama meli zikiingia, wewe ukiwa mtu wa klaringi una mengi ya kumsimulia kuhusu meli, na jua likizama umuitie tuktuk arudi kwao mapema. Nyumbani kwao usimfikishe, tushaongea habari za mashangazi.

Ama anaweza kusoma asijibu. Hapo umesema mwenyewe si lazima ajibu, basi amekuchukua kwa neno lako, usiuite uadui. Wiki moja nzima usiandike kitu. Usipitie stetasi zake zote sekunde ile zinapotoka, maana jina lako linaonekana kwenye walioangalia, na hiyo pia ni kumfuata. Kama mtu hajakwambia aondoke, baada ya hiyo wiki una meseji moja nyepesi, ile ya stoki inatosha, bila kutaja yaliyopita. Akijibu kwa uhai, endelea kwa ule ule mwendo wa pole pole. Akijibu "poa" ama asijibu, hilo ndo jibu lake, hamna ya tatu. Na hiyo moja nyepesi usiifanye ya ujanja, kama "sori nilikosea namba", hakuna msichana Mombasa nzima asiyeijua hiyo.

Ama atakwambia wazi, "wewe mtu mzuri lakini mimi siko tayari" ama lolote la namna hiyo. Usibishane na sababu aliyoitoa, wala usimwambie "ntasubiri". Mwandikie "Sawa Z, nimeelewa, ahsante kwa kunambia. Kila la heri", na uishie hapo hapo hata kama una maneno mia. Rafiki yako bwana harusi akikuuliza vipi, mwambie hatukuelewana, usimpe chati asome.

Na kuna jambo moja hujaniuliza lakini litakufikia, kwa sababu ukoo huu mwaendana. Iwe vyovyote, utamuona tena Z, kama si arubaini ya mtu basi ni akiki ya mtoto wa hao hao waliooana juzi. Ukimkuta hapo msalimie mara moja kama unavyowasalimia binamu zake wengine, uende ukakae na wanaume. Usimvute kando kutaka kumalizia maneno ya kwenye simu mbele ya watu.

Anti